Mkimbiaji aliyekatikiwa na hedhi hajaiva, ana njaa

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu wasichana wa mbio hapa Malindi niliisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Mwandishi wenu amemnukuu kocha mmoja akisema kwamba msichana akikazana na mazoezi hedhi hukatika, na kwamba hiyo ni dalili mwili umeiva. Maneno hayo hayo yalisemwa kwetu nyumbani, na yakamchelewesha binti wa kaka yangu mpaka mguu ukapata ufa. Naomba nafasi niyajibu. Nilikuwa muuguzi zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na hata hivyo nami nilichelewa.

Niligundua Ramadhani. Tulikuwa jikoni, mimi na wifi yangu, tunakanda unga wa mahamri, naye akawa anamsifu bintiye: safari hii mtoto kafunga mfululizo, hana hata siku moja ya kulipa. Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Msichana wa miaka 17 anafungaje mwezi mzima bila kukatiza? Nikamwita uani. "Shangazi, tangu mwezi wa kumi na moja sijaziona siku zangu," akaniambia, na wala hakuwa na wasiwasi. "Kocha anasema ndivyo wanavyokuwa wakimbiaji."

Kabla sijaendelea, niseme kwamba saumu haikuwa na kosa. Hedhi ilikatika miezi minne kabla ya mwezi kuandama.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au msichana akitimiza miaka 15 bila kuvunja ungo, hilo ni jambo la kwenda kupimwa, awe anakimbia au hakimbii. Kipimo cha kwanza ni cha mimba, na mtoto aelezwe kwamba anayepimwa hashukiwi. Kisha damu ipimwe homoni za tezi la shingo na prolaktini, maana hizo nazo hukata hedhi. Kwa binti yetu vyote vilikuwa sawa. Kikabaki chakula, na hapo ndipo watu huguna, kwa sababu mtoto alikuwa anakula. Kila siku milo mitatu, na hakuwa amekonda.

Tupige hesabu pamoja. Alikuwa na kilo 48. Ukitoa mafuta ya mwili, kama kilo 8, zinabaki kilo 40 za misuli, mifupa na viungo vya ndani, na hizo ndizo zinazodai chakula. Asubuhi alikimbia kilomita 10 akiwa hajatia kitu tumboni, na jioni kilomita 6. Mkimbiaji hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita, kwa hiyo mbio peke yake zilikula kama kalori 770 kwa siku. Nilikaa naye tukaorodhesha alivyokula: mahamri mawili na chai ya rangi, wali na maharage shuleni, usiku ugali kidogo na mchuzi wa samaki usio na nazi. Nazi, kaimati na kila kilichokaangwa alikuwa ameacha, kwa sababu wenzake walimwambia mwepesi ndiye anayeshinda. Kwa kukisia, jumla ilikuwa kalori 1,800.

Toa 770 za mbio, zinabaki 1,030. Zigawe kwa zile kilo 40, kila kilo inapata kama 26. Wataalamu hukadiria kwamba mwili unahitaji karibu 45 kwa kila kilo ili ufanye kazi zake zote, na ikishuka chini ya 30 mambo huanza kuharibika. Mwaka 2003 Anne Loucks na Jean Thuma walichapisha utafiti wao uliowapunguzia wanawake chakula hatua kwa hatua, na chini ya kiwango hicho mipigo ya homoni inayoamsha ovari ilivurugika ndani ya siku tano tu. Hiyo 30 si ukuta, wapo wanaoharibikiwa juu yake na wapo wanaovumilia chini yake. Lakini binti yetu hakuwa hapo kwa siku tano. Alikuwa hapo kwa miezi.

Sasa mtu ataniuliza, kama anapungukiwa hivyo mbona hakondi? Kwa sababu mwili ni mama mwenye nyumba aliyepunguziwa fedha za matumizi. Anazima taa za vyumba visivyotumika. Homoni za kuchoma chakula zinashuka, mikono inakuwa ya baridi hata kwa joto letu hili la kaskazi, choo kinakuwa kigumu, usingizi hauburudishi, na mzani hausogei. Kilo zile zile 48 ndizo zilizotudanganya. Uchovu wake tuliuita malaria, akapimwa mara mbili, hana. Tukauita upungufu wa damu, nao haukuwapo. Muda wake wa mita 3,000 ukawa unarudi nyuma ingawa mazoezi yalizidi, na kocha akamwongezea kilomita.

Katika vyumba vinavyozimwa, cha uzazi huwa miongoni mwa vya kwanza. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupunguza amri zake, ovari zinalala, estrojeni inashuka. Na estrojeni haifanyi kazi ya uzazi tu. Mifupa yetu huliwa na kujengwa upya kila siku, na estrojeni ndiyo breki ya zile seli zinazokula. Breki ikilegea huku homoni za kujenga nazo zimepungua kwa njaa, mfupa unaliwa kuliko unavyojengwa, na huku kila siku unapigishwa chini maelfu ya hatua. Umri wa miaka 17 ndio wakati wa kuweka akiba ya mfupa ya maisha yote, na inayopotea hapo huenda isirudi yote.

Nikamwambia wifi ampeleke kliniki. Alikopelekwa, sitapataja, aliandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango "vya kurudisha hedhi". Mwezi uliofuata damu ikatoka. Wifi akanipigia simu kwa furaha, nami nikanyamaza, na kunyamaza huko ndilo kosa langu katika habari hii. Nilijua kwamba vile vidonge saba vya mwisho kwenye pakiti havina dawa, na damu inayotoka wakati huo ni ya kukatishwa dawa. Haisemi kwamba ubongo umeamka. Vidonge hivyo havikutibu njaa wala havikulinda mfupa, na vilituondolea dalili pekee tuliyokuwa tunaiona bila mashine. Mtoto akarudi mchangani akiwa na kilomita zake 16.

Miezi miwili baadaye akaanza kuchechemea. Akasema ni muundi, kila mkimbiaji huumwa na muundi. Nilimketisha kwenye baraza nikapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti kwenda kwenye kifundo. Maumivu ya kawaida ya muundi hutanda, unaweza kuyafunika kwa kiganja kizima na zaidi, na mara nyingi hupungua mtu akipata joto. Yeye nilipofika theluthi ya chini aliruka. Palikuwa mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi ishirini. Nikamuuliza usiku panakuwaje. Akasema panampigapiga akiwa amelala.

Eksirei ya kwanza ikawa safi, na hapa naomba makocha wasome polepole. Ufa wa namna hii ni mwembamba, na katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi eksirei haiuoni. Kinachoonekana baadaye ni mfupa mpya unaojiziba. Kipimo cha emarai huuona mapema, ila bei yake mnaijua. Kocha alipoona picha safi alitaka mtoto akimbie mashindano ya shule. Safari hii sikunyamaza. Picha ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha mstari na uvimbe wa mfupa mpya mahali pale pale nilipobonyeza. Na msichana wa aina hii akilalamika maumivu ya kinena anapokanyaga, asiambiwe ajinyooshe. Ufa wa shingo ya paja unaweza kukatika kabisa, na huo huishia kwenye chumba cha upasuaji. Asiukanyagie mguu huo mpaka apigwe picha.

Tiba ilikuwa ya jikoni. Daktari tuliyempata baadaye alimwachisha vile vidonge, akasimamisha mbio, akasema tuongeze kalori kama 500 kwa siku kwa kuanzia. Kwa chakula chetu hiyo si kazi. Mbaazi za nazi zilirudi kando ya mahamri, na mahamri yakawa matatu. Chai ikawa ya maziwa. Korosho konzi moja mfukoni kwa ajili ya mapumziko ya shule. Na kabla ya mbio, alipoziruhusiwa tena, ndizi mbili, maana saa ndefu za tumbo tupu nazo zina madhara yake hata kama jumla ya siku inatosha. Kilichokuwa kigumu ni kumshawishi kwamba nazi haitampunguzia kasi. Hilo lilichukua machozi.

Muundi ulitulia kwa wiki tisa. Uchovu ulianza kuondoka mapema zaidi, hata mwezi haukutimia. Hedhi yake mwenyewe, isiyo ya vidonge, ilirudi mwezi wa tano tangu tiba ianze. Mifupa haina haraka hiyo, inahesabiwa kwa miaka. Kwa hiyo anayemwona mtoto amechangamka wiki ya tatu asimrudishie kilomita zote.

Wasidhani wavulana wamesalimika. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilipoliita tatizo hili upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, iliwataja na wanaume. Wao homoni yao ya kiume hushuka na mifupa yao hupasuka vile vile, ila hawana kalenda ya kuwashtua. Na kwa anayedhani ni udhaifu wa watoto wa pwani, Mary Cain, Mmarekani aliyekuwa nyota wa mita 1,500 tangu utotoni, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba chini ya kocha aliyemtaka apunguze uzito alikaa miaka mitatu bila hedhi na akavunjika mifupa mitano.

Ninachoomba ni kidogo. Kila timu ya wasichana iwe na mwalimu wa kike anayeandika tarehe zao za hedhi kwenye daftari moja na muda wao wa mbio. Na gazeti lako lichapishe sahihisho la ile sentensi ya kocha, ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, kwa sababu kocha wa binti yetu aliikata makala hiyo na kuibandika kwenye ubao wa michezo.

Muuguzi mstaafu,
Malindi