Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ziada Iliyoyeyuka Gran Sasso

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini. Mimi nitazungumzia mada iliyotuchukulia jioni nyingi kuliko zote mwaka huu: maada ya giza, yaani maada isiyoonekana tunayoijua kwa mvuto wake tu, na swali mlilolirudia kila kikao, kwamba kama galaksi zimejaa kitu hicho, mbona vigunduzi vya chini ya ardhi havijakinasa?

Tulikaa sana na kisa cha XENON1T, kigunduzi kilichokuwa Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400 hivi unaopunguza sana miale ya angani. Ni pipa la zenoni ya kimiminika. Chembe ikigonga atomu hutoka mmweko hafifu, kisha elektroni zilizong'oka huvutwa juu kwa umeme hadi kwenye gesi na kutoa mmweko wa pili. Kwa kulinganisha mimweko hiyo miwili, wataalamu hujua kama kilichogongwa ni elektroni au kiini cha atomu. Chembe nzito ya maada ya giza inatarajiwa kugonga kiini.

Juni 2020 timu ilitangaza matukio 285 ya nishati ndogo, mahali palipotarajiwa 232. Yalikuwa ya elektroni, ndiyo maana wengine walikimbilia aksioni, chembe nyepesi za kinadharia, kutoka kwenye Jua. Timu yenyewe ilitaja mshukiwa wa kawaida zaidi: tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi. Atomu tatu hivi katika kilo nzima ya zenoni zingetosha kuleta ziada hiyo, na uchafu mdogo kiasi hicho haukuweza kupimwa moja kwa moja. Nilipenda walivyolisema hilo hadharani.

Jibu lilihitaji pipa jipya. XENONnT, kubwa zaidi na yenye kelele, yaani mimweko ya mionzi ya kawaida, kama moja ya tano ya ile ya awali, ilitoa matokeo Julai 2022. Ziada haikuwepo.

LUX-ZEPLIN, kigunduzi kingine cha zenoni katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, nayo ilitangaza mwaka 2024 matokeo ya siku 280 kwa tani 7 za zenoni: hakuna kitu. Hilo halisemi maada ya giza haipo. Linasema kwamba chembe nzito, kama ipo, hugonga mara chache kuliko tulivyodhani. Nayo ikiwa nyepesi mno, husukuma kiini kidogo tu na mmweko hauonekani.

Kuna ukuta mwingine. Mwaka 2024 XENONnT na PandaX-4T ya China ziliona dalili za nyutrino za Jua, chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu, zikigonga viini. Mgongano huo unafanana na ule wa chembe nyepesi ya maada ya giza, na nyutrino hazizuiwi na mwamba wowote.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuanze na DAMA, kigunduzi cha fuwele, jirani wa XENON huko Gran Sasso, kilichodai kwa miaka mingi kuona ishara inayopanda na kushuka kwa majira. ANAIS ya Hispania na COSINE-100 ya Korea Kusini zilitumia fuwele za aina ileile, hazikuiona. Mwenye nafasi ya kuandaa kikao cha kwanza amwone katibu kabla hatujaondoka.