Ploti ya asilimia 11 inabakisha ngapi mwisho wa mwaka?

Wateja wengi wanaotujia kabla ya kununua nyumba ya kupangisha huwa wameshapewa hesabu na dalali: kodi ya mwaka mzima gawanya kwa bei ya nyumba. Hayo ni mapato ghafi. Hesabu yenyewe si ya uongo, lakini inachukulia kwamba hakuna chumba kitakachokaa kitupu, wala bomba litakalopasuka. Sisi tunaosimamia nyumba za watu hapa Mombasa tungependa uone pesa zinavyopungua kabla hujaweka sahihi.

Tuchukue mfano wa ploti ya vyumba 8 Mikindani, inayouzwa shilingi 5,000,000. Kila chumba ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka mzima ni 576,000. Gawanya kwa bei, unapata asilimia 11.5.

Sahihisha kwanza bei. Mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani, yaani 200,000 hapa. Weka wakili, upekuzi wa hati, rangi na vitasa vipya kabla ya kupangisha, tuseme 200,000 nyingine. Pesa zilizotoka mfukoni mwako ni 5,400,000, na hizo ndizo za kugawia.

Sasa vyumba vitupu. Mpangaji hahami leo mwingine akaingia kesho. Kuna kupaka rangi, kutengeneza sinki, kungoja mwisho wa mwezi watu wapate mshahara. Tukikadiria kila chumba kikae kitupu mwezi mmoja kwa mwaka, zimeondoka 48,000. Ongeza mpangaji mmoja anayehama usiku akiwa na deni la miezi miwili, 12,000. Kodi iliyoingia mkononi ni 516,000, na kuanzia hapa ndiyo tunayoifanyia kazi.

Wakala akikutoza asilimia 8 ya kodi anayokusanya, ni 41,280. Ukisimamia mwenyewe, bado tunakushauri uiandike, kwa sababu siku utakayougua au kuhamia mbali, kazi hiyo italipiwa. Keateka, taa za nje na taka, kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 60,000. Malipo ya ardhi kwa kaunti tuyakadirie 9,000.

Kisha KRA. Kwa mkaazi wa Kenya ambaye kodi yake ya nyumba za kuishi ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ushuru wa mapato ya kodi umekuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapa ni 38,700. Wengi huja na bahasha ya risiti za fundi wakidhani zitapunguza ushuru huu. Hazipunguzi: unatozwa juu ya kodi iliyoingia, bila kutoa gharama yoyote.

Matengenezo ndiyo yanayowaponza wenye nyumba wengi, kwa kuwa hayaji kwa mpangilio. Yapo madogo ya kila mwezi, kama bomba, swichi na bawaba, tuseme 40,000 kwa mwaka. Yapo pia makubwa yanayokaa kimya kwa miaka. Huku pwani hewa ya chumvi huanza na misumari ya mabati: utaona kutu imezunguka kichwa cha msumari, halafu doa la maji kwenye dari mvua za masika zikianza. Kubadilisha paa kwa mkupuo kunaweza kumeza faida ya mwaka mzima. Kwa hiyo tenga 45,000 kila mwaka kwa ajili ya paa, shimo la choo na rangi ya nje, hata mwaka ambao hakikuharibika kitu.

Jumla ya matumizi ni 233,980. Kinachobaki ni 282,020, na ukigawa kwa 5,400,000 unapata asilimia 5.2, chini ya nusu ya ile ya dalali. Kama umenunua kwa mkopo, riba bado haijaguswa.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kupandisha kodi. Pima kwanza. Kwa 6,000, vyumba 8 vikijaa miezi 11, unakusanya 528,000. Ukipandisha hadi 6,500 na kila chumba kikakaa kitupu mwezi mmoja zaidi, unakusanya 520,000. Umepoteza 8,000, na rangi umepaka mara nyingi zaidi. Kwa vyumba vya aina hii, mpangaji anayelipa kwa wakati na kukaa miaka mitatu ana thamani kuliko hiyo mia tano.

Penye nafasi kubwa zaidi ni kwenye bei ya kununulia. Ukitaka asilimia 7 halisi, gawa 282,020 kwa 0.07: jumla ya pesa zako isizidi takriban 4,030,000, ushuru wa stempu na wakili zikiwemo humo. Muuzaji asiposhuka kufikia hapo, ploti hiyo haikupi asilimia 7.