Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA: "Madhara ya kawaida" huwapata watu wangapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mfamasia huku Ilemela, Mwanza. Nakuandikia kuhusu maneno matano yanayopanga madhara ya dawa katika ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mamlaka yako ndiyo inayosajili dawa na kupitia maelezo yanayoambatana nazo, kwa hiyo naona hapo ndipo pa kuleta shauri hili.

Katika karatasi za Kiingereza zinazofuata utaratibu wa Ulaya, maneno hayo, yaani very common, common, uncommon, rare na very rare, hayakuachwa yaelee. Kila neno lina kipimo chake. Kundi la kwanza ni la madhara yanayompata angalau mtu 1 kati ya 10. La pili ni kuanzia 1 kati ya 100 hadi chini ya 1 kati ya 10. La tatu ni kuanzia 1 kati ya 1,000, na la nne kuanzia 1 kati ya 10,000. La tano ni la madhara yasiyofikia hata mtu 1 kati ya 10,000. Mtu akitafsiri neno akaacha kipimo, ameacha maelezo yenyewe.

Nitatumia prazikwanteli kama mfano, maana huku ziwani kila mtu anaijua. Ni dawa ya kichocho, ile wanayopewa watoto shuleni, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600. Katika maelezo yake, kuumwa kichwa, kizunguzungu, maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kutapika vimo katika kundi la kwanza. Degedege na mapigo ya moyo kwenda ovyo vimo katika la tano.

Sasa tuseme shule moja ya Kayenze ina wanafunzi 800, na wote wamemeza dawa asubuhi. Kundi la kwanza maana yake ni kwamba kila tatizo lililomo linaweza kuwapata wanafunzi 80 au zaidi. Kwenye mialo ambako watoto wana minyoo mingi idadi inaweza kupanda, kwa kuwa maumivu ya tumbo huongezeka pale minyoo inapokuwa mingi. Degedege ni habari nyingine kabisa: hata tungekusanya shule 125 za ukubwa huo, yaani watoto 100,000, tungetarajia wasifike 10.

Mzazi akielezwa hivyo anajua la kufanya. Atampa mtoto chakula kabla ya dawa, hatashangaa akirudi nyumbani analalamika tumbo, ila akianguka na kukakamaa atakimbia naye kituo cha afya. Asipoelezwa, tunajua yanayoweza kutokea. Mwaka 2008 kule Morogoro watoto waliumwa baada ya kupewa dawa hii shuleni, uvumi ukasambaa, na wazazi wakajaa shuleni kwa hasira. Sisemi karatasi nzuri ingezuia yote yale. Lakini mzazi aliyeambiwa mapema kwamba watoto wengi kiasi hiki wataumwa tumbo kwa saa chache hawezi kuaminishwa kirahisi kwamba mwanawe amelishwa sumu.

Tuangalie basi Kiswahili tunachokutana nacho kaunta. Karatasi moja niliyonayo inasema "madhara yanayotokea mara kwa mara: kutapika". Mama mmoja aliisoma akaniuliza mtoto atatapika mpaka lini. Alisoma sawasawa. Kwa Kiswahili chetu, kutapika mara kwa mara ni kwa mtu yuleyule, kila baada ya muda kidogo. Karatasi ilitaka kuhesabu watu, ikahesabu matapishi. "Mara chache" ina ugonjwa huohuo: inaonekana kuahidi kwamba kila mtu atapata, ila si mara nyingi.

"Kawaida" ina hatari ya upande mwingine. Jambo la kawaida ni jambo la kupuuzwa. Kuumwa kichwa baada ya prazikwanteli kunaweza kuvumiliwa, ni kweli, lakini wingi wa tatizo haupimi uzito wake. Dawa nyingi za saratani hushusha chembe nyeupe za damu kwa zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10. Mgonjwa akisoma kwamba hilo ni "la kawaida sana", akashikwa na homa usiku, atangoja kuche. Homa ile haitakiwi kungojewa.

Kinachonisumbua zaidi ni kundi la tatu, kwa sababu mara nyingi huitwa "madhara yasiyo ya kawaida". Hapo mtu anayesoma anaona kitu cha ajabu, pengine cha kishirikina, wakati kilichoorodheshwa ni upele mdogo au mdomo kukauka. Na kosa hili halikamatwi na ukaguzi uliozoeleka. Mfasiri wa pili akiyarudisha maneno hayo kwenye Kiingereza, anapata neno lilelile la mwanzo, wote wanatia saini, karatasi inapita. Tafsiri ya kurudisha hupima kama maneno yanalingana. Haimuulizi mama wa Kayenze ameelewa nini.

"Nadra" na "nadra sana" sina ugomvi nayo, mradi yasiachwe peke yake. "Adimu" isitumike. Vinavyoadimika ni vitu ambavyo watu wanavitafuta, na hakuna anayetafuta degedege.

Ombi langu ni Mamlaka itoe jedwali moja la lazima kwa karatasi zote za Kiswahili, na kila kundi lianze na idadi ya watu kabla ya neno lolote. Nashauri hesabu zote ziwe kati ya watu 10,000. Tukiandika 1 kati ya 10 hapa na 1 kati ya 1,000 pale, wapo wanaotazama ile 1,000 wakadhani ndiyo hatari kubwa, kwa kuwa namba ni kubwa. Kwa msingi mmoja makundi yanasomeka hivi: watu 1,000 au zaidi, watu 100 hadi 999, watu 10 hadi 99, mtu 1 hadi 9, na la mwisho, hafiki hata mtu 1. Kitenzi kiwe "huwapata", ili ijulikane tunahesabu watu.

Kuna pia lile kundi la pembeni, la madhara ambayo takwimu hazitoshi kuyapanga. Huandikwa "madhara yasiyojulikana", na hapo msomaji ana haki ya kuuliza yameorodheshwaje kama hayajulikani. Iandikwe: "Haijulikani huwapata watu wangapi."

Kabla ya kuidhinisha jedwali, lijaribiwe kwa wasomaji. Ulaya karatasi hujaribiwa kwa watu 10, hurekebishwa, kisha hujaribiwa tena kwa wengine 10. Hiyo si gharama ya kutisha. Wasiwe wauguzi wala walimu. Wawe wachuuzi wa dagaa, bodaboda, mama lishe. Wapewe karatasi ya prazikwanteli na kuulizwa: "Watoto 100 wakimeza dawa hii leo, unadhani wangapi wataumwa tumbo? Wangapi watapata degedege?" Akijibu la kwanza "wote" au "wawili watatu", au la pili "kumi", karatasi irudi kwa mfasiri.

Nipo tayari kuwapata wasomaji hao huku Ilemela, na ofisi yenu ya Kanda ya Ziwa haiko mbali.

Wako katika kazi,
Mfamasia, Ilemela, Mwanza