Barua kwa Mama Eliza: nani alipwe kwanza

Uyole, Mbeya
14 Juni

Mpendwa Mama Eliza,

Habari za Mafinga na baridi yenu? Huku asubuhi tunaamka kwa shida, watoto wanagombania jiko la mkaa kama paka. Barua yako niliisoma mara mbili. Mwezi wa tatu sasa bila mshahara, na umeniuliza umlipe nani kwanza ukipata hata nusu. Mimi mwaka jana nilikaa miezi mitatu na nusu shuleni kwetu bila mshahara kamili, kwa hiyo nakueleza nilivyofanya, pamoja na pale nilipoharibu.

Niliharibu mwezi wa kwanza kabisa. Nilikuwa na akiba ya 150,000, na mhasibu wa chekechea ya Baraka alikuwa akinipigia simu kila siku saa mbili asubuhi. Nikaona aibu, nikamlipa 120,000 yote. Wiki ile ile unga ukaisha. Nikaanza kukopa dukani kwa nusu kilo, na unajua nusu kilo inavyokula hela kuliko debe. Baadaye nikasikia wazazi wenzangu wanalipa kidogo kidogo na watoto wao wako darasani. Nilimlipa anayepiga kelele, sio anayeweza kunifungia kitu.

Mwezi wa tatu wa kukosa mshahara, shule ikatoa sehemu yake, 300,000, ikaingia kwenye simu. Hapo kuna mtego, usikie. Nilikuwa nimetumia ile huduma ya simu ya kumalizia muamala salio likipungua, deni limefika 40,000. Hela ilipoingia tu wakakata chao kabla sijakaa chini kupanga. Kama na wewe unadaiwa huko, hesabu hiyo hela kama haipo, au omba mwajiri akulipe benki.

Nikabaki na 260,000, na madeni mezani ni haya: kodi ya miezi sita, 60,000 kila mwezi, yaani 360,000, rejesho la VICOBA 65,000, dukani 87,000, maji 14,000, ada ya chekechea muhula mpya 120,000, na ahadi ya harusi ya binamu wa Baba Baraka 50,000. Ukijumlisha unapata 696,000. Usiku ule nilichukua daftari, na mbele ya kila deni nikajiuliza: nisipolipa wiki hii, nini kitafungwa, na nani mwingine ataumia?

VICOBA ikawa ya kwanza, japo ndiyo ilikuwa kimya kuliko zote. Ule mkopo wangu una wadhamini wawili, na mmoja anauza viazi pale sokoni. Mimi nisiporejesha, hisa zake yeye ndizo zinazoshikiliwa, na faini inaanza kuhesabiwa. Nikapeleka 65,000 kamili. Upande wa hisa nikanunua moja, kwa hela ya twisheni, badala ya tano nilizozoea, na hakuna aliyesema kitu, maana nilikuwepo kikaoni. Kinachowaudhi ni mtu kukwepa kikao. Kama rejesho kamili halipatikani, nenda mapema kwa mwenyekiti ukaombe kuongezewa muda, usingoje siku ya kikao watu wote wanakutazama.

Wa pili alikuwa mwenye duka. Alinidai 87,000, nikampa 40,000 siku hiyo hiyo, kabla hajauliza. Akafungua daftari lake, akapiga mstari, akaniambia, "Mwalimu, wengine wakipata hela wanapita njia ya nyuma." Ile 40,000 ndiyo iliyotulisha wiki tatu zilizofuata, kwa sababu mlango wa kukopa sukari na mafuta ulibaki wazi.

Sasa kodi. Mara ya kwanza nilipomwendea mama mwenye nyumba nilimwambia, "Mshahara ukitoka nitakulipa." Akacheka. "Huo mshahara wako mimi siujui, mwanangu. Nitajie tarehe." Alikuwa na haki. Nilikuwa nampa ahadi iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Mara ya pili nilikwenda siku kumi kabla kodi haijaisha, na 120,000 mkononi. Nikamwambia hii ni ya miezi miwili, na iliyobaki nitakuwa naleta 30,000 kila baada ya wiki mbili kutoka kwenye twisheni yangu ya Jumamosi. Twisheni ni yangu, haipiti kwa mkuu wa shule. Tukaandikishana kwenye karatasi, yeye na mimi tukaweka sahihi, akasema "ndaga fijo" na kunipa ndizi za Tukuyu za kupika. Nikamgusia pia ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, kwamba ni ya mwenye nyumba. Akakubali tuipunguze kwenye kodi. Hela ndogo, lakini jaribu.

Maji nililipa yote, kwani ukikatiwa unalipa deni pamoja na gharama ya kurudishiwa. Nikabaki na 21,000. Mavuno yalikuwa yameanza, nikapata debe la mahindi kwa 12,000, umeme wa 5,000, na 4,000 ya mashine na mboga. Tulikula dona mwezi mzima. Baraka alilalamika siku mbili, akazoea.

Chekechea ndiyo nikaichelewesha. Nilimwandikia mhasibu hivi: "Habari za kazi. Mimi ni mama yake Baraka. Ada ya muhula huu nitailipa kwa awamu tatu za 40,000, ya kwanza tarehe 5. Naomba Baraka aendelee na masomo. Nikikwama nitakupigia mwenyewe kabla ya tarehe." Simu za saa mbili zikaisha. Tarehe 5 nilikuwa na 25,000 tu, nikampigia tarehe 4 nikamwambia hivyo. Akaipokea.

Harusi nayo nilimpigia mwenyekiti wa kamati nikashusha ahadi kutoka 50,000 hadi 20,000. Ukinyamaza wanaendelea kukuhesabia kwenye bajeti ya ukumbi na chakula, halafu siku ya mwisho lawama ni yako. Misiba ni tofauti, nenda hata mikono mitupu, ukachote maji na kukesha.

Kitu kimoja tu nakukataza: mikopo ya kausha damu. Ukikopa kule ili umlipe mwenye nyumba, unambadilisha mdai mpole anayeweza kusubiri wiki mbili kwa mdai anayekuja mlangoni kila siku.

Kuhusu mwajiri wako, weka ujumbe wake wote wa "subirini kidogo" na hati zako za mshahara. Mgogoro wa mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipoanza, na siku za miezi yako ya nyuma zinazidi kwenda. Iringa wana ofisi. Ukipita mjini waulize siku zako zinahesabiwaje. Na ukiwa huko tazama pia kama michango yako ya NSSF imepelekwa, maana mwajiri anayechelewesha mshahara mara nyingi na hiyo anaishikilia.

Katika barua yako umeorodhesha kila deni, ila hujasema kodi yako inaisha tarehe ngapi, wala kama mkopo wa kikundi una wadhamini. Niandikie hayo mawili kabla ya Jumapili. Basi la Jumatatu nitakutumia debe moja la viazi, mpigie kondakta ukapokee stendi.

Wako,
Mama Baraka