Deni la makofi

Tanga, 14 Juni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anauliza utakuja lini kula samaki wa kupaka. Miswada minne ya komedi yako nimeisoma yote, tena mara mbili. Umeniuliza kwa nini ule msemo wa Mzee Kibwana, "Nitakulipa Ijumaa", unachekesha sehemu ya kwanza, halafu kufika ya nne watu wako kimya. Nimeuwaza wiki nzima, na jibu nimelipata kwenye makofi.

Unaikumbuka How I Met Your Mother, ile komedi ya marafiki watano wa Niu Yoki? Tulipoitazama pamoja tuliishia njiani, ila mimi niliimaliza baadaye. Rudi kwenye sehemu ya 9 ya msimu wa 2, ya Novemba 2006. Robin hataki kukanyaga maduka makubwa wala hasemi kwa nini. Marshall na Barney wanawekeana dau juu ya siri yake: atakayepatia atamzaba mwenzake kofi la nguvu zote. Lily anakuwa mwamuzi. Barney anapata video ya zamani ya Robin, anaona mwanzo wake tu, anadhani ni ya ngono, anajihesabia ushindi na kumpiga Marshall. Video ikiendelea, kumbe ni wimbo wa pop aliouimba ujanani kule Kanada! Lily anamhukumu Barney kwa kupiga kabla ya wakati. Achague: makofi 10 papo hapo, au 5 ambayo Marshall atayatoa siku yoyote apendayo, milele. Barney anachagua 5. La kwanza linamshukia kabla sehemu haijaisha.

Hapo ndipo utamu ulipo, shoga. Mwandishi hakutuachia msemo, ametuachia deni, na deni lina hesabu. Yamebaki manne. Mtazamaji anaondoka na namba hiyo kichwani, na kila Barney anapojisifu, wewe uliyeona mwanzo unamtazama Marshall mkono. Hakuna kilichotamkwa, lakini tayari unacheka.

Halafu angalia jinsi hakuna kofi linalofanana na mwenzake. La pili, msimu huohuo, linamkuta Barney yuko jukwaani anaigiza, hana habari. La tatu linakuja msimu uliofuata, nalo limegeuzwa kabisa: Marshall ametangaza siku na saa, Sikukuu ya Shukrani, na sasa kinachochekesha si kofi bali hofu ya kulisubiri. La nne likakaa hadi msimu wa 5. Safari hiyo Marshall analitoa zawadi kwa Ted au Robin, nao wanaligombania huku Barney amefungwa kwenye kiti. Mwisho analipiga Marshall mwenyewe. Kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyochelewa, na kadiri yanavyochelewa ndivyo yanavyopanda bei.

Walikosea pia. Msimu wa 7 Barney alishindwa dau lingine, akalazimika kuvaa tai yenye picha za bata. Ili aruhusiwe kuivua, akakubali kuongezewa makofi matatu, na mawili akayala palepale. Nadhani waliona limebaki moja na misimu bado mingi. Lakini mimi iliniuma, maana hesabu niliyoilinda miaka yote ikawa imelegezwa. Kisha Januari 2014, msimu wa 9, sehemu nzima ikajengwa juu ya kofi moja, kwa mtindo wa filamu za kung fu, waigizaji wazungu wakavalishwa kama Waasia. Watazamaji walikasirika na waundaji wa kipindi wakaomba radhi hadharani. Deni la pembeni halibebi sehemu nzima peke yake.

La mwisho, hata hivyo, sitalisahau. Siku ya harusi Barney amepagawa kwa woga, hasikii la mtu. Marshall anamzaba, na Barney anatulia. Kofi lililoanza kama adhabu limekuwa msaada wa rafiki. Nililitazama na mdogo wangu, ambaye alikuwa ameanzia msimu wa 8. Akaniuliza, "Sasa mbona anampiga bwana harusi?" Mimi nilikuwa nimeinua vidole vinane, machozi yananitoka. Kumbuka lakini kwamba hata yeye aliielewa: mtu ana woga, rafiki kamshtua, ametulia. Tukio lilisimama bila kumbukumbu, sisi wa zamani tukapata ziada.

Sasa Mzee Kibwana. "Nitakulipa Ijumaa" anaisema vilevile kila mara, na hakuna anayemdai. Mpe mdai. Katika sehemu ya kwanza akope kuku watatu kwa Bi Mwanaisha, wahesabiwe mbele ya watu. Mmoja amrudishe sehemu ya pili, tena kwa fujo. Sehemu ya tatu usimtaje kuku kabisa, ila Bi Mwanaisha apite nyuma yake na tenga tupu. Ukishaiandika upya hiyo ya tatu nitumie kwanza kabla ya nyingine.

Wako,
Neema