Tatizo la saa liko usiku

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu abiria walioachwa na basi kwa sababu tiketi iliandikwa saa za Kizungu, wao wakaisoma kwa saa zetu. Mwandishi wenu akamalizia kwamba ni suala la kutoa sita tu. Miaka yote nasoma gazeti hili bila kuandika neno, ila hiyo "tu" imenishinda.

Mchana, sawa. Mchana kosa linajitangaza lenyewe: ukiona tangazo la "saa 9:00 asubuhi" unajua mtu amenakili Kiingereza, maana saa tisa ya asubuhi hatuna. Unatoa sita, unapata saa tatu, unaendelea na chai yako. Lakini saa mbili usiku ipo na saa nane usiku nayo ipo. Hapo kosa linapita na hakuna anayelishtukia.

Mimi ni dereva wa wageni, naishi Moshi. Ofisi moja ilinitumia ujumbe kwamba mgeni anashuka KIA Jumamosi, saa 2:00 usiku. Jumamosi hiyo nikapiga pasi shati, nikajaza mafuta, nikasimama na kibao chenye jina lake pale wanapotokea abiria. Wakatoka wote, wafagiaji wakaanza kazi yao. Kumbe ratiba ya ndege ilisema 02:00, yaani saa nane usiku, na mgeni alishashuka usiku wa kuamkia Jumamosi, akakodi teksi, akafika hotelini amenuna. Saa kumi na nane nyuma yake! Nilipopiga simu, dada wa ofisini akasema haya, basi angeandika "Jumamosi saa 8 usiku". Dada yangu, hapo ndipo ungeniua kabisa! Mzungu anabadilisha tarehe saa sita usiku. Kwetu usiku wa manane bado ni wa siku iliyokuchwa. Ningekwenda Jumamosi hiyo hiyo, tena saa nane, nimechelewa siku nzima. Saa ingekuwa sahihi na mgeni ningemkosa vilevile. Malipo sikupewa.

Na nyie wa kamati za harusi hapa Arusha na Moshi, msicheke. Kadi upande mmoja "saa 12:00 jioni", upande wa pili "12:00 p.m.", ambayo ni saa sita mchana. Wageni wa Ulaya wanakuja juani wakati mafundi bado wanafunga turubai. Sisi wengine tunakuja saa kumi na mbili, na MC anashika maiki saa tatu usiku.

Pendekezo langu: kila ofisi ichonge muhuri wa maneno "usiku wa kuamkia", na saa yoyote kuanzia sita usiku hadi alfajiri isitoke mlangoni bila kugongwa, hata ikibidi kugonga kwenye kioo cha simu. Asiyetaka muhuri anilipe mafuta ya Moshi hadi KIA, kwenda na kurudi. Risiti ninayo.

Dereva wa wageni,
Moshi