Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: hizo milioni tatu anazo nani?

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIPATO CHA KAYA NA MCHANGO WA DARASA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwenye ubao wa ofisi ya kijiji imebandikwa karatasi inayosema kuwa wastani wa kipato cha kaya hapa kwetu ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka, na kwamba kila kaya itachangia asilimia 2 ya kiasi hicho, yaani shilingi 60,000, kwa ujenzi wa darasa. Jirani yangu, mama anayebangua korosho kwa kibarua, aliisoma mara mbili kisha akaniuliza: "Mwalimu, hizo milioni tatu anazo nani?"

Nimefundisha hesabu miaka mingi, nikaona nimjibu kwa kuhesabu. Nilipita kwenye kaya zote 11 za shina letu nikaandika mapato ya mwaka, kisha nikayapanga kuanzia dogo. Kaya tatu za mwanzo zinapata 600,000 kila moja. Zinafuata 750,000, 800,000, 900,000, 1,000,000, 1,150,000, 1,300,000 na 1,500,000. Ya mwisho ni ya mnunuzi wa mazao mwenye lori: 23,800,000.

Jumla ni 33,000,000. Ukigawa kwa 11 unapata 3,000,000, sawasawa na karatasi yako, kwa hiyo aliyeiandika hakukosea kugawa. Lakini tazama orodha: kaya 10 kati ya 11 ziko chini ya wastani huo, wala hakuna hata moja inayoufikia nusu yake ila ile ya 1,500,000 na ya mwenye lori. Namba ya kati, yaani ya sita, yenye kaya tano chini yake na tano juu yake, ni 900,000. Modi, namba inayojirudia kuliko zote, ni 600,000.

Mwondoe mwenye lori, ahamie mjini kesho. Wastani wa kaya 10 zilizobaki unaporomoka hadi 920,000. Namba ya kati inasogea kidogo tu: sasa ziko mbili katikati, 800,000 na 900,000, na nusu ya jumla yao ni 850,000. Hao kumi hawajapoteza hata senti, ila wastani umepungua kwa zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana nasema kaya ya kawaida ya kijiji ielezwe kwa namba ya kati.

Modi nayo nisingeitegemea. Zile 600,000 tatu zimetokana na vibarua waliokadiria "kama elfu hamsini kwa mwezi", nami nikazidisha kwa 12. Watu wanapokadiria hutaja namba za mviringo, basi zinajirudia kwa sababu ya mdomo kuliko mfuko. Wangeandika kila siku walichopata, huenda zisingefanana hata mbili, na modi isingekuwepo.

Kwa haki, wastani una kazi yake. Ukitaka kujua fedha zote zilizomo kwenye shina, zidisha wastani kwa idadi ya kaya, utapata 33,000,000. Namba ya kati haiwezi kazi hiyo. Asilimia 2 ya fedha zote ni 660,000, na darasa linazihitaji. Kosa limeingia pale zilipogawanywa sawa kwa sawa. Kwa mama yule, 60,000 ni kipato cha mwezi mzima na zaidi, asilimia 10 ya mwaka wake. Kila kaya ikitoa asilimia 2 ya kipato chake yenyewe, yeye atatoa 12,000, mwenye lori 476,000, na jumla itabaki ileile 660,000. Mwenye lori nimeongea naye, hakukataa.

Namba ya kati nayo ina upofu wake: zile kaya tatu za chini zikishuka hadi 300,000, itabaki 900,000 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo usiisome peke yake, isome pamoja na kipato cha kaya za chini kabisa.

Ombi langu ni kuhusu fomu za mapato ya kaya. Kila kitongoji kinaleta namba moja tu iliyokwisha kujumlishwa, na ukichukua namba za kati za vitongoji ukatafuta wastani wake, hupati namba ya kati ya kijiji. Naomba Mtendaji wa Kijiji alete orodha yenyewe, bila majina, mapato yakipangwa kuanzia dogo, chakula kinacholimwa na kuliwa nyumbani kikithaminiwa, na mahojiano yarudiwe baada ya msimu wa korosho na tena wakati mifuko imekauka. Hadi hapo, naomba karatasi ile ibanduliwe, maana siku ya mwisho ya kulipa iko ndani ya mwezi huu na mama yule ameanza kuuza kuku wake wa mayai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, mkazi wa kijiji